Mjane, Wifi, Nesi

Shule niliyofundisha iko Suna, nyuma kidogo ya soko, na kwa miaka kadhaa mimi ndiye niliyekuwa mlezi wa chama cha maigizo. Mwaka ninaoukumbuka tulikuwa na mchezo wetu wenyewe, tulioutunga darasani. Ulihusu mjane anayekataa kufukuzwa kwenye shamba la marehemu mumewe. Sehemu zenye maneno zilikuwa saba, na wanafunzi waliotaka kuigiza walipita thelathini. Wasiopata maneno wangesimama nyuma kama waombolezaji.

Ili nisilaumiwe kwa upendeleo, niliamua kutumia alama. Kila mwanafunzi angesoma kipande kilekile mbele yangu na mbele ya mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, mama mcheshi wa Homa Bay. Tungempa alama kumi za sauti, kumi za matamshi, kumi za hisia na kumi za mwendo, kisha tuchukue wastani wetu sisi wawili. Kabla ya kusoma, kila mmoja angeandika kwenye karatasi sehemu tatu anazozitaka, akianza na ile anayoitaka zaidi.

Wanafunzi waliniuliza waandikeje. Niliwajibu kwa moyo mweupe, kama nilivyozoea kuwajibu watoto.

"Andikeni mnachokitaka kweli. Msiogope kutaka kikubwa."

Kulikuwa na msichana wa kidato cha tatu aliyetoka Ntimaru. Alipofika kidato cha kwanza wenzake walimcheka kwa lafudhi yake ya Kikuria. Wakati wa kusoma kwa sauti darasani, kuna aliyekuwa akirudia neno lake la mwisho kwa kulivuta, na darasa zima linaangua kicheko. Yeye hakuacha kunyoosha mkono. Siku aliyoniletea karatasi yake nilimuuliza kwa nini amemtaka mjane.

"Mjane anaongea peke yake ukurasa mzima," alisema. "Nataka waninyamazie, mwalimu. Mara moja tu."

Mwaka huo ulikuwa wa mwisho kwake, kwa sababu shule yetu haikuruhusu kidato cha nne kushiriki.

Alisoma vizuri sana. Mwalimu mwenzangu aliweka kalamu chini akamtazama mpaka alipomaliza.

"Yawa," alinong'ona kwa mshangao, "huyu mtoto alikuwa amejificha wapi?"

Wasichana watatu walikuwa wamemwandika mjane kwanza. Mmoja alipata alama thelathini na nne, wa Ntimaru thelathini na tatu, wa tatu ishirini na tisa. Mjane akaenda kwa mwenye thelathini na nne, na hapo sina la kujilaumu.

Kosa lilikuwa katika hatua iliyofuata, na nitalieleza polepole kwa sababu wakati ule sikuliona. Niligawa sehemu kwa raundi. Raundi ya kwanza niliangalia chaguo la kwanza la kila mtu, nikaipa kila sehemu mwenye alama nyingi kati ya walioitaka kwanza, kisha nikaifunga. Raundi ya pili niliwachukua waliokosa nikaangalia chaguo lao la pili. Msichana wa Ntimaru alikuwa ameandika mjane, wifi, nesi. Lakini wifi alikuwa amekwisha kufungwa raundi ya kwanza, kwa msichana mwenye alama ishirini na sita aliyemwandika wa kwanza. Nesi naye alikuwa amefungwa, kwa mwenye ishirini na mbili. Kwa hiyo mtu wa pili kwa alama katika shule nzima aliangukia waombolezaji.

Nilibandika orodha ukutani, alama zikiwa wazi, nikajisifu kwamba hapa hakuna aliyependelewa.

Alikuja chumba cha walimu saa ya chai, akiwa ameandika namba kwenye kiganja kwa kalamu.

"Mwalimu, wifi amepewa mwenye ishirini na sita. Mimi nina thelathini na tatu."

"Kaa nikueleze," nilimwambia, na nikamweleza. Nilichora safu kwenye karatasi. Nilimwonyesha kwamba mwenzake alimtaka wifi kuliko kitu kingine, na kwamba yeye alimtaka baada ya mjane. Alifuata kidole changu.

"Kwa hiyo ningemwandika wifi kwanza, ningempata?"

"Ungempata."

"Lakini ulisema tuandike tunachokitaka kweli."

Nilipotazama ile safu niliyoichora kwa mkono wangu, niliona kwamba sheria yangu ilimwadhibu kwa kusema ukweli, na kwamba aliyepata wifi huenda alipiga hesabu tu kwamba mjane ana foleni. Niliona pia dawa yake, na haikuwa ngumu. Nisingefunga sehemu yoyote mpaka mwisho. Mwenye ishirini na sita angemshika wifi kwa muda tu. Aliyemkosa mjane akishuka na alama thelathini na tatu, angemwondoa, naye aliyeondolewa angeshuka kwenye chaguo lake la pili, hivyo hivyo mpaka pasiwe na wa kusogea.

"Sheria ilikuwa moja kwa wote," nilimwambia. "Usikate tamaa. Hata mwombolezaji hubeba mchezo."

"Sawa, mwalimu."

Alipotoka nilimweleza mwenzangu nilichokiona. Alikoroga chai yake.

"Ukimtoa huyo wifi, naye atamtoa mwingine. Utaandika orodha upya, na wazazi wamekwisha kupigiwa simu. Utawaambia nini?"

"Kwamba nilikosea."

"Basi kawaambie," alisema. "Ubao uko pale."

Orodha ilikuwa imebandikwa kwa pini nne. Nilipita mbele yake siku ile na siku zilizofuata. Sikuondoa hata moja.

Mazoezi yakaanza. Wifi alikuwa na sauti ndogo, akisahau mistari, na nilitumia alasiri nyingi kumsaidia. Msichana wa Ntimaru alikuja kila siku, akajifunga leso, akalia alipotakiwa kulia. Tulikwenda tamashani Homa Bay, na waamuzi walisema mjane wetu alikuwa hodari, ila wifi hakuonyesha uchungu wowote. Hatukuendelea. Ndani ya basi wengine waliimba. Msichana wa Ntimaru alilala, au alijifanya kulala.

Mwaka uliofuata nilibadilisha sheria. Niliieleza kwa mifano kwenye karatasi nikaibandika kando ya orodha mpya, na hakuna aliyelalamika. Mwalimu mkuu alinipongeza mbele ya wenzangu kwa kazi safi.

Alasiri moja nilimkuta msichana wa Ntimaru amesimama mbele ya ubao ule, vitabu vya kidato cha nne vimebanwa kifuani. Alikuwa anasoma maelezo, si majina. Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari, kikarudi juu, kikashuka tena.

"Kwa sheria hii," alisema bila kugeuka, "mwaka jana ningekuwa wifi."

"Ndiyo."

"Hii uliijua lini, mwalimu?"

Ningeweza kumwambia kwamba niliigundua likizoni. Angeniamini, maana alikuwa ameniamini siku zote.

"Siku ile ulipokuja na namba mkononi. Ulipokuwa bado umekaa."

Aligeuka akanitazama. Sikuona hasira, na ningeipokea kwa shukrani kama ingekuwepo.

"Na bado ukanieleza ile ya zamani."

"Nilikueleza ile ya zamani."

Kengele ya somo la jioni ililia. Aliviweka vitabu vyake sawa.

"Ulieleza vizuri sana," alisema. "Nilirudi bweni nikamweleza kila aliyeniuliza. Nikawaambia ni haki."

Akaenda darasani.