Saa Iliyopoteza Dirisha la Tarehe

Jirani mshona nguo ndiye aliyeanza. Alisema fundi saa wa kwenye ngazi za benki ana mikono miwili, mmoja wa kutengeneza na mwingine wa kuchomoa. "Mpe saa nzima, atakurudishia ganda. Matumbo kala yeye."

Maneno yana miguu. Kufika Jumamosi, watu walikuwa wameizunguka meza ya fundi, na kaka mmoja kaishika saa ya marehemu baba yake kama ushahidi. Nyuma yake alisimama dada yake, mtoto mgongoni. Dada ndiye aliyeipeleka kutengenezwa, akaichukua nzima, akakaa nayo wiki moja, kisha kaka akaiazima. Leo ndiyo dada anaiona tena.

"Umeuza uso wa saa ya baba, ukabandika takataka," kaka akasema. "Mwizi mkubwa we."

Fundi walimwita Msumari kwa ukavu wake. Kila aliyelalamika, yeye alimjibu neno moja tu.

"Subiri."

Akabana kioo cha kukuzia jichoni. "Uso si wa saa hii, kweli. Na mshale wa dakika ni mfupi, haufiki kwenye vistari. Rangi ya mshale wa saa imezeeka njano, ya huu nyeupe. Hawa hawakuzaliwa tumbo moja." Akavuta kitufe cha pembeni nusu, akazungusha. Ndani kukasikika mlio, tak. "Tarehe hiyo inaruka. Dirisha la kuionea liko wapi?"

Akang'oa mishale, akainua uso wa saa taratibu. Ulibanduka na nyuzi za gundi. Vijiguu vyake vya nyuma, vya kuushikiza, vilikuwa vimekatwa, maana havikulingana na matundu ya mashine hii. Chini yake, namba za tarehe zilikuwa zimejipanga duara, hazionwi na mtu.

"Gundi yako hiyo," kaka akasema.

"Mimi gundi sina."

"Nani shahidi wako, nzi?"

Watu wakacheka. "Si niliwaambia?" mshona nguo akadakia. Mzee mmoja akachukua saa yake mezani bila kuaga, akaitia mfukoni. Mwanamke mwingine naye akanyoosha mkono kutafuta yake.

Dada alikuwa hajabandua macho kwenye zile namba. Wiki ile alizitazama kila asubuhi kupitia kidirisha, akihesabu siku za kliniki ya mtoto. Dirisha lilikuwapo. Uso umebadilishwa mikononi mwa kaka, na kaka ndiye mwenye chumba anacholala dada na mwanawe.

"Twende nyumbani," kaka akamwambia, na jicho alilomkata nalo halikuwa la ndugu.

Mtoto akaanza kulia. Dada akambembeleza, miguu isitoke pale.

Fundi akavua kioo, akamtazama yeye peke yake.

"Mama, umenisikia nikitukanwa, umenyamaza, sikulaumu. Naomba kitu kimoja. Waambie hawa, ulipoichukua saa hapa mezani, tarehe ulikuwa ukiisomea wapi?"