Fulskepu Nilizokataa Kusoma

Mimi ni mtu wa hasira, nisijifiche. Hasira ninayoieleza hapa ilianza kwa kuwaelekea wengine, ikaishia kunirudia mimi mwenyewe, na mpaka leo haijanitoka.

Nafundisha chuo kikuu, kwenye kampasi ndogo ya Homa Bay. Nyumbani kwangu ni Migori. Wanafunzi wetu wengi ni walimu wa shule za msingi wanaosoma shule zikifungwa, watu wazima wenye watoto na mashamba. Mmoja wao alikuwa mama wa miaka hamsini na tatu kutoka Ntimaru. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa mradi wake wa utafiti, ambao bila huo hakuna shahada. Alitafiti kwa nini watoto wa darasa lake hawaji shule siku za soko. Alikuwa akiwafuata sokoni mwenyewe, na daftari mkononi.

Mwezi wa tatu alinijia ofisini na bahasha kubwa ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi za fulskepu, mradi mzima, umeandikwa kwa kalamu ya buluu.

"Daktari, angalia kwanza kama niko kwa njia," akaniambia. "Kompyuta sijui. Nikikosea, nibadilishe kabla sijapeleka kwa cyber."

Nilikuwa na miradi mingine kumi na minne mezani. Nikaisukuma bahasha ikarudi upande wake. "Mama, mimi sisomi mwandiko wa mkono. Chapa kwanza, ndiyo uniletee."

Akasema sawa, asante, akaenda. Ile asante yake nitakufa nayo.

Akaipeleka cyber moja, duka la kompyuta, pale Migori mjini. Mradi ulipochapwa na kuletwa kwangu, niliupitisha macho kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka, nikatia sahihi. Kwenye fomu ya usimamizi kuna visanduku vitatu: rasimu ya kwanza imesomwa, ya pili imesomwa, ya tatu imesomwa. Nikaweka alama zote tatu kwa mpigo mmoja. Sote tulikuwa tukifanya hivyo. Ukiuliza, utaambiwa kazi ni nyingi.

Sasa sikiliza vile Mungu anavyocheka. Miezi hiyohiyo chuo kilinipa kazi ya kuandika karatasi ya majadiliano kuhusu akili unde. Wanafunzi walikuwa wanaamuru simu ziwaandikie insha, wakuu wakashtuka, wakataka sera. Nikaandika kurasa ishirini, na najua niliandika vizuri. Nikapanga njia tatu: kupiga marufuku kabisa, kuruhusu kwa sharti mwanafunzi aseme alichotumia, au kila mhadhiri kuamua kulingana na kazi anayotoa. Nikaonya kwamba vile vifaa vya kupima asilimia ya maandishi ya mashine havijui nani ameandika. Hupima maneno yanavyofuatana, kisha hukisia, na huweza kumwangukia hata asiye na hatia. Asilimia, nikasema, ni sababu ya kumwita mwanafunzi mkazungumza. Isiwe hukumu. Nikapendekeza hata wasimamizi wasome rasimu zote, ndipo wajue sauti ya kila mwanafunzi wao. Eti mimi!

Lakini kwenye ibara ya nne nilitia mfano, wa kujadiliwa tu: asilimia ikizidi ishirini, mwanafunzi aitwe, na ni juu yake kuthibitisha kuwa kazi ni yake.

Yawa! Seneti haikuwa hata imekaa. Kamati ya nidhamu ikachukua mfano wangu, ikaufanya sheria. Mradi wa mama ukapimwa, ukatoka asilimia sabini na moja.

Tuliketi kwenye chumba cha mikutano, wanakamati watatu, mama, na mimi kama msimamizi. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye haraka. Mama alikuja na bahasha yake ya kaki, na kijana wa cyber aliyemwomba aje kutoa ushahidi. Kijana hakuficha kitu.

"Mimi hupiga tu picha ya karatasi, app inachapa," akasema. "Halafu naiambia inyooshe Kiingereza. Wateja wote nawafanyia hivyo, ndiyo ikae poa. Yeye sikumwambia."

Mama akamgeukia. "Nilikwambia uchape vile niliandika!"

"Madam, si nilikusaidia?"

Kwa hiyo kifaa safari hii hakikukosea. Sentensi nyingi zilikuwa za mashine kweli. Lakini watoto wa sokoni, maswali, majibu, mawazo, vyote vilikuwa vya mama. Akazitoa fulskepu, akazipanga mezani.

"Hii yote nimeandika na mkono yangu. Someni."

Mwenyekiti akafunua mbili tatu. "Na nani atathibitisha ziliandikwa kabla? Mtu anaweza kunakili kutoka kwa chapa wiki hii, akatuletea."

"Daktari anajua," mama akasema. Alisema kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyeweka akiba yake mahali salama. "Nilimletea hizi mwezi wa tatu. Alizishika."

Wote wakaniangalia. Mbele ya mwenyekiti palikuwa na ile fomu, na alama zangu tatu. Nikisema ndiyo, alizileta nikazikataa, swali linalofuata ni moja: basi hapa ulitia sahihi umesoma nini? Nilikuwa nimeandika kurasa ishirini juu ya uaminifu, na sentensi moja ya kweli ikanishinda.

"Nakumbuka aliniletea karatasi fulani," nikasema. "Siwezi kuthibitisha kama ndizo hizi."

Mama akaanza kuzikusanya fulskepu zake moja moja, akizinyoosha pembe. Mwenyekiti akamwambia aziache, ni vielelezo. Uamuzi ukasomwa palepale: mradi umefutwa, aanze upya, mahafali ya mwaka huu hayamhusu. Alikuwa ameshawaambia watoto wake wote watafute nguo.

Mlangoni akanisubiri. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru.

"Daktari, mimi ni mwalimu miaka thelathini," akasema. "Mtoto akiniletea daftari, nasoma. Hata kama mwandiko ni mbaya. Wewe ulishindwa na nini?"

Akaenda stendi.

Karatasi yangu ya majadiliano ilipitishwa na seneti baadaye. Ibara ya nne ilirekebishwa: rasimu za mkono zikubaliwe kama ushahidi, na msimamizi aulizwe kwanza. Nikapongezwa kwa busara. Nikapokea pongezi kwa mikono miwili, mimi huyu. Wenzangu walinishika bega, nikacheka nao.

Bahasha ya kaki ililetwa ofisini kwangu, kwa kuwa mimi ndiye msimamizi. Ilikaa kabatini wiki kadhaa. Siku moja nikafunga mlango, nikasoma kuanzia mwanzo. Mwandiko wake ulikuwa safi kuliko wangu. Kiingereza kilikwama hapa na pale, lakini kila mtoto alionekana: aliyebeba kuku wa kuuza, aliyeachiwa kumlea mdogo wake, aliyesema shuleni hakuna chakula na sokoni kuna ndizi. Ulikuwa mradi mzuri. Ningeusoma mwezi wa tatu, ningejua siku ileile niliyoletewa chapa kwamba sauti imebadilika, ningemrudishia, na asingeitwa popote.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa shukrani. Alimshukuru Mungu, mumewe, na watoto wa darasa lake. Kisha, kwa kalamu ileile ya buluu, miezi mingi kabla ya kamati: "Namshukuru pia msimamizi wangu, ambaye najua atasoma kila neno."