Kapelo Haifuniki Masikio

Meneja wetu wa kituo cha mafuta ana roho mbaya, na nasema hivi nikiwa bado nakula mshahara wake.

Dada wa pampu ya pili, mwenye ualbino, amefanya kazi hapo miaka sita. Hujaza tangi bila kumwaga tone, na mteja mkorofi humnyamazisha kwa neno moja. Alikuwa akivaa kofia pana aliyojishonea, yenye ukingo wa vidole vinne kuzunguka kichwa chote. Miezi mitatu iliyopita zikaja sare mpya: fulana ya mikono mifupi na kapelo. Kofia ikapigwa marufuku.

"Kituo kina paa," Meneja alisema. "Jua litakupata wapi? Au unataka ukae kama bibi harusi?"

Dada ni katibu wa kikundi chao cha watu wenye ualbino. Jumamosi akaweka ujumbe mtandaoni, hakumtaja mtu:

"Kapelo haitoshi, inaacha masikio na shingo. Paa nalo halitoshi: jua huingia pembeni na kuakisiwa na sakafu ya saruji. Vaa mikono mirefu ya kitambaa kizito kidogo. Paka losheni ya jua yenye SPF 30 au zaidi robo saa kabla ya kutoka, rudia kila saa mbili, hata kukiwa na mawingu. Losheni haichukui nafasi ya nguo. Kidonda kisichopona ndani ya wiki nne kipeleke hospitali, usikipake dawa za kubahatisha. Nawe mwajiri, muulize mwenzetu anahitaji nini, usimkisie."

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomchoma. Jumatatu Meneja alikuja amefura, simu mkononi, foleni ya magari ikitazama.

"Umenianika! Wateja wananitumia huu upuuzi wako. Ufute sasa hivi, au vua sare!"

"Jina lako liko wapi hapo, bosi?"

"Usinifanye mtoto! Umekuwa daktari lini?"

"Sifuti," dada alisema. Akavua kapelo, akaiweka juu ya pampu, akasukuma nyuma nywele zilizoangukia masikio.

Hapo kila mtu akaliona sikio lake la kushoto. Juu kabisa palikuwa na kidonda cha ukubwa wa punje ya mahindi, chenye gamba na damu. Mara mbili aliomba ruhusa ya kwenda hospitali, mara mbili Meneja akamnyima. Mimi nilikiona mwezi uliopita, nikaufyata kwa kuogopa kibarua changu. Najichukia kwa hilo.

Meneja akageuza uso. Hata pole hakusema, mshenzi yule.

Nikaacha pampu yangu, nikamsindikiza dada hospitali. Daktari wa ngozi alilishika sikio, akalitazama kwa lenzi, akasema lazima kipande kikatwe kikapimwe.

"Kilianza lini?"

"Hii wiki ya tisa."

"Tisa!" Daktari alifoka. "Mama, hakuna hata mtu mmoja aliyekwambia uwahi?"

Dada aliinama, machozi yakamtoka.

"Mimi ndiye ninayewaambia wenzangu, daktari."