Kidole cha Baba na Adhana ya Alasiri

Baba yangu akishaapa, mambo yamekwisha. Hatengui. Aliwahi kuapa kwamba hatokula tena pweza, na mpaka leo akipikiwa mchuzi wa pweza anakula wali mkavu na uso wa huzuni. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya chuo cha ufundi Unguja, kusomea mafriji na viyoyozi, sikuogopa kukataliwa. Nilichoogopa ni kiapo.

Mama alinishauri nisubiri. "We usimwambie asubuhi, ana njaa. Mwambie karibu na alasiri, keshatia udhu." Nikadhani anasema hivyo kwa kuwa mtu mwenye udhu ana haya ya kugomba. Sikumjua mama yangu vizuri.

Basi mchana ule, nyumbani kwetu Jadida, baba amekaa baraza ya uani na kofia yake, mama anakuna nazi juu ya mbuzi yake, mie nikasema. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwake ni dalili mbaya.

"Mtoto wa kike, mafriji? Na boti ile?" Baba boti haiwezi. Alipanda mara moja akatapika toka bandari yetu ya Mkoani mpaka ya Malindi huko Unguja, na tangu siku hiyo anaamini hakuna afikaye Unguja akiwa mzima.

"Baba, chuo kina mabweni ya wanawake."

"Hata yawe ya dhahabu!" Akasimama. Akanyanyua kidole juu. Nilikijua kidole kile, ndicho cha kuapia. "Walla..."

"Allahu akbar, Allahu akbar," ikatoka spika ya msikiti wa jirani.

Nyumbani kwetu adhana ikitoka hakuna asemaye. Mbuzi ya mama ilinyamaza papo hapo. Baba akafumba mdomo, akangoja muadhini amalize, ndipo akaitikia, "Allahu akbar, Allahu akbar," kwa hasira zake zote na kidole bado kiko hewani. Hiyo ndiyo kanuni: unamfuata neno kwa neno, si pamoja naye wala si kabla yake. Nasi tukaitikia, kila mtu kwa sauti yake ya chini.

Katika shahada kidole kilikuwa na kazi yake ya kushuhudia Mungu mmoja, kwa hiyo kilibaki. Lakini muadhini alipofika "Hayya alas-swalaa," pale hurejei maneno yake. Yeye anaita watu. Wewe unakiri kwamba hata kwenda huwezi ila kwa uwezo wa Mungu. "Laa hawla walaa quwwata illaa billaah," akasema baba, na kidole kikashuka. Ni vigumu kukiri huna uwezo huku umemnyooshea mtu kidole. Akasema tena kwenye "Hayya alal-falaah," na safari hii akakaa kitako.

Adhana ikaisha. Baba akamsalia Mtume, akafungua viganja, akaomba dua ile tuliyofunzwa chuo cha Kurani tungali wadogo: Ewe Mola wa wito huu uliotimia na sala inayosimamishwa, mpe Muhammad Wasila na Fadhila, na umfufue kwenye cheo kisifiwacho ulichomuahidi. Nami nikaomba hivyo hivyo. Kisha ndiyo nafasi ya kila mtu na haja yake, kwani dua baina ya adhana na ikama, ule mwito wa kusimama kusali, hairudishwi. Niliomba kwa pupa, bila aibu: Mola, mzuie baba na kiapo.

Mara msikiti wa pili ukaanza. Kuitikia adhana ya kwanza ndiko kwenye mkazo, nyengine ni ziada ya thawabu, lakini baba hapitwi na thawabu. Akaitikia yote, akaomba tena. Wa tatu nao ukaingia, muadhini wake mzee, anavuta kila neno mpaka unamhurumia. Nikamtazama mama. Alikuwa ameinamia nazi yake, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Alijua saa, alijua misikiti, alimjua mumewe. Nilimpenda mpaka nikataka kulia.

Baba alipojipangusa uso mara ya mwisho alivaa ndara kwenda msikitini. Mlangoni akageuka.

"Mie nlitaka kumuomba Mola akutulize hapa hapa nyumbani," akasema, hanitazami. "Ulimi haukutaka. Mara zote tatu nnajikuta namuomba akulinde huko wendako."

"Sasa, baba?"

"Sasa nini? Ntarudi kwa Mola nikamwambie huendi tena?"

Akatoka haraka, maana ikama ilikuwa inakimiwa.