Katoni Sita Chini ya Meza Yangu

Mwenye duka jirani yangu tunamwita Bi Tarehe, na wala hakasiriki. Nyuma ya kaunta ana kalenda ya kuhesabu mali: wiki ya kwanza sabuni, ya pili unga na sukari, ya tatu mafuta, ya nne vikorokoro. Siku ya mwisho ya mwezi hufunga mlango saa nane mchana, akahesabu duka zima. Kando ya kalenda kuna orodha ya mistari saba ya kufunga mwezi: simamisha mauzo, andika mizigo yote iliyopokelewa, mmoja ahesabu mwingine aandike, linganisha na daftari, na kadhalika. Kila kilichofanyika hutiwa tiki kwa kalamu nyekundu. Ukimchezea orodha, umemchezea yeye.

Anayemsaidia kuhesabu ni shemeji yake, mume wa mdogo wake. Miezi miwili mfululizo, kwenye hesabu ya mwisho wa mwezi, sabuni zilipungua katoni sita. Bi Tarehe akaenda hadi kwao, akamwambia mbele ya mkewe na watoto kwamba ni mwizi, na zikipungua tena, kazi hana.

Mwezi uliofuata, siku ya kuhesabu, nilikuwa kwenye cherehani yangu, nikasikia sauti zao kupitia ukuta.

"Sita tena!"

"Shemeji, kila wiki ya kwanza tukihesabu sabuni, zinakuwa kamili."

"Kwa sababu unazirudisha!"

Nilitaka kucheka. Mwizi gani huyo anayeiba kwa kalenda? Kisha nikatazama chini, kicheko kikanikauka. Miguu yangu ilikuwa juu ya katoni za sabuni. Nikazihesabu: sita.

Kila siku ya mwisho ya mwezi mzigo wa sabuni huletwa asubuhi. Bi Tarehe hutia saini, huingiza katoni kwenye daftari, halafu huwaambia wapagazi, "Wekeni kwa fundi, nipate nafasi ya kuhesabu." Kesho yake huhamishiwa dukani. Na mimi, mjinga, nilikuwa nimepata pa kuwekea miguu.

Nikagonga mlango wa duka. Wakaja kwangu wote wawili. Bi Tarehe alizihesabu kwa kidole, moja hadi sita, kisha akaikagua orodha mkononi mwake. Mstari wa pili ulikuwa na tiki. Wa kuhesabu mali iliyo nje ya duka haukuwepo.

"Nimekukosea, shemeji," alisema. "Nisamehe."

"Mimi nimekusamehe. Ila uliniita mwizi nyumbani kwangu, wanangu wakisikia. Hilo kalifute kulekule."

Bi Tarehe aliitazama orodha. Mistari mitatu ilikuwa bado, na kwa miaka yote niliyomjua hajawahi kuacha mwezi wazi. Aliniachia orodha na kalamu, akatia duka kufuli, wakaondoka pamoja kuelekea kwa shemeji.

Nikaongeza mstari wa nane kwa mwandiko wangu mbaya: "Kwa fundi." Katoni zilibaki chini ya meza hadi kesho yake, na miguu yangu niliiweka sakafuni.