Bangili Iliyokwama kwenye Vifundo

Treni ya kutoka Tabora ilinitikisa usiku kucha kabla ya kunishusha Mpanda, kijana nisiyejua kutulia mahali. Nikapata kazi sokoni kwa fundi wa bangili za shaba, pamoja na kijana mwingine wa Majimoto. Sote wawili tulimpenda dada aliyeuza mchele jirani yetu.

Siku moja dada huyo aliagiza bangili nzima, isiyofunguka. Nikawahi mimi kumzungushia uzi juu kidogo ya kiganja, panapovaliwa saa, kama nilivyozoea kupima mikufu ya mkononi. Bangili ilipokamilika, ikakwama kwenye vifundo vya vidole.

“Kaka, hii umempimia mwanangu ambaye hajazaliwa?” akacheka.

Mwenzangu akasogea. “Mkufu unafunguka, unauzungushia tu. Hii haina mlango, lazima ipite hapa penye vifundo. Dada, kunja dole gumba, lilaze kiganjani.”

Akaushika mkono wake, akaubana vifundoni kati ya vibao viwili, akapima nafasi iliyokuwa katikati. Huo ndio upana wa ndani wa bangili. Ni kazi ya dakika moja, lakini mkono ule hakuuachia upesi. Mimi nilikuwa nimegusa uzi tu.

Bangili mpya aliyoitengeneza mwenzangu ilipita kwa kubana kidogo, ikaning’inia vizuri. Tangu hapo dada alituletea wali mchana, na sahani ya mwenzangu ndiyo iliyojaa. Nilikula huku nimenuna.

Siku nilipoondoka Mpanda kabisa kwa lori la Sumbawanga, ndoa yao ilikwishatangazwa kanisani. Fundi peke yake ndiye aliyenisindikiza. Mwenzangu alikuwa amekwenda kumbebea dada gunia.