Shimo kwenye Ramani ya Mama Sufiani

Kihonda nzima ilimwita Mama Sufiani, na mgeni aliyefika kwake kushonesha nguo angetazamia wakati wowote huyo Sufiani atokee mlangoni, kijana mzima, asalimie. Hakutokea. Sufiani hakufikisha hata siku arobaini. Alizaliwa masika, kifua kikambana, akafa mama yake bado ana maziwa. Mungu hakumpa mwingine. Jina likabaki kwa mama, na mama akalivaa.

Jina lake hasa ni Mwaisha, mzaliwa wa Kisaki. Aliolewa na Kondo, askari wa magereza wa Kingolwira, mwanamume wa maneno machache na viatu vinavyong'aa. Kondo alinunua eneo Kihonda wakati kule bado ni mashamba na watu wanazika uani kwao. Wakajenga nyumba ya udongo, Mwaisha akaweka cherehani barazani, maisha yakaenda. Sufiani alizikwa upande wa juu wa eneo lao, akawekewa jiwe.

Mwaka uliofuata Mwaisha alikwenda Kisaki kumuuguza mama yake. Aliporudi alikuta upande wa juu una uzio, umeuzwa kwa mtu anayeitwa Halidi. Alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Kondo akamshika mabega akamwambia, "Usilie. Nimemhamisha. Nimemleta huku chini, yeye na jiwe lake." Kweli, jiwe lilikuwa chini, karibu na barabara, udongo wake umetifuliwa na kusawazishwa vizuri. Mwaisha akapiga magoti pale, akamshukuru mumewe. Niseme ukweli, siku ile ndiyo aliyompenda Kondo kuliko siku zote za ndoa yao. Mwanamume gani angefanya kazi ile peke yake, kwa mikono yake?

Tangu hapo kila Ijumaa alifagia kuzunguka lile jiwe na kumwagilia mrehani alioupanda pembeni. Alikuwa na mazungumzo yake pale, na hakuna aliyemuuliza.

Kondo alipostaafu wakaamua kujenga nyumba ya matofali. Kazi ya ramani alipewa Hetal, msanifu majengo, binti wa watu wenye duka la vitambaa mjini ambako Mwaisha hununua nyuzi. Hetal alikuja na tepu yake, akapima kiwanja, akazungumza na Kondo. Siku hiyo Mwaisha alikuwa msibani. Kwa hiyo ramani ilipokamilika Hetal aliileta mwenyewe, akasema hataki mafundi waanze kuchimba msingi kabla mama mwenye nyumba hajaielewa.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mimi hayo makaratasi siyajui, utanifundisha kama mtoto wa chekechea."

Wakatandaza karatasi juu ya meza ya kukatia nguo, wakaikandamiza kwa mkasi na pasi ya mkaa. Kondo alikaa pembeni, kofia yake gotini.

"Jifanye paa limeondolewa," Hetal alisema, "na wewe uko juu unachungulia ndani. Hii mistari miwili minene ni kuta. Pale ukuta unapokatika na kuna robo duara, ni mlango. Hiyo robo duara ndiyo njia ya mlango ukifunguka, inakuonyesha unafungukia ndani au nje, kulia au kushoto. Hii mistari myembamba ndani ya ukuta ni dirisha. Na hii ya vidoti inayozunguka nyumba nzima siyo ukuta, ni ukingo wa paa huko juu."

Mwaisha alifuata kwa kidole. Akafika kwenye chumba cha kulala, akashtuka.

"Elfu tatu na mia sita? Chumba hicho au uwanja wa mpira?"

Hetal akacheka. "Ni milimita, mama. Sisi tunaandika kwa milimita. Elfu moja ni mita moja. Basi chumba chako ni mita tatu na sentimita sitini kwa mita tatu, ukuta kwa ukuta, kwa ndani."

"Na hapa kwenye karatasi kimekuwaje kidogo hivi?"

"Ndiyo skeli. Imeandikwa hapa chini, moja kwa mia. Kila sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya kiwanja."

Hapo Mwaisha akajiona yuko kwenye fani yake. Akavua futi ya kushonea shingoni, akailaza juu ya chumba, akasoma tatu na vidoti sita. Akapima sebule. Akapima jiko. Kila kipimo kilipokubaliana na namba iliyoandikwa, aliangua kicheko, akamgeukia mumewe. "Baba Sufiani, unaona? Ni kama gauni tu!" Kondo akatabasamu kidogo.

"Ila usimwachie fundi apime kwa rula," Hetal alimwonya. "Karatasi ikitolewa kopi inaweza kupungua, na rula itamdanganya. Afuate namba zilizoandikwa."

Kisha akatoa karatasi ya pili. Hii ilionyesha kiwanja kizima: mpaka wake, barabara upande wa chini, mshale wa kaskazini, kisima kwenye pembe moja ya chini, mwembe kwenye mpaka wa juu, nyumba katikati. Karibu na barabara palikuwa na mstatili mdogo, na mbele yake duara.

"Huu mstatili ni tangi la choo. Maji yakishatulia humo yanaingia kwenye hili duara, shimo la kunyonya, yapotelee ardhini. Yamewekwa chini kwa sababu kiwanja kinateremkia huko, na gari la kunyonya majitaka litafika kirahisi."

Mwaisha alilitazama duara. Kicheko kilikuwa bado hakijamtoka usoni.

"Hiyo si ndiyo pembe ya Sufiani?"

Kondo alikohoa. Hetal alimtazama mmoja, kisha mwingine.

"Nipe tepu yako, mwanangu."

Akashuka mwenyewe hadi kwenye bikoni ya pembeni, ile alama ya mpaka. Akapima kutoka mpaka wa barabara hadi kwenye jiwe: mita tatu. Kutoka mpaka wa ubavuni: mita mbili. Akarudi akitembea haraka, midomo ikirudia namba zile zisimpotee. Akalaza futi juu ya karatasi. Sentimita tatu huku, sentimita mbili huku. Akatia nukta ya penseli. Ikaangukia nje ya duara, mbali nalo kabisa.

"Alhamdulillahi," akasema, akakaa, jasho linamtiririka. "Alhamdulillahi. Mmenitisha bure."

Hetal aliitazama ile nukta. Alikuwa binti mwema, na ungeona kabisa anatamani kunyamaza.

"Mama, karatasi hii skeli yake siyo ile ya kwanza. Kiwanja ni kikubwa, hakiingii. Hii ni moja kwa mia mbili. Sentimita moja hapa ni mita mbili."

Mwaisha hakuhitaji kufundishwa tena. Mita tatu ni sentimita moja na nusu. Mita mbili ni sentimita moja. Akapima, akatia nukta nyingine. Ilikaa katikati ya duara.

"Pale pana kaburi la mwanangu," alisema. "Mnataka kummwagia maji ya choo?"

Hetal alipauka. "Mama, mimi nilimuuliza mzee. Lazima tuulize, kiwanja chochote. Nikasema, kuna bomba, kuna kisima cha zamani, kuna kaburi? Akaniambia hapa chini hakuna kitu."

"Ulisema hivyo, Baba Sufiani?"

"Nilisahau," Kondo alisema.

Alisahau! Mtu aliyezika mwanawe mara mbili! Mwaisha alimtazama, hasira ikampanda, lakini alikuwa na jambo kubwa zaidi ya hasira. Akamuuliza Hetal kama shimo linaweza kwenda pembe nyingine. Hetal akatikisa kichwa taratibu. Pembe nyingine ya chini ina kisima, na shimo haliwezi kukaa karibu na maji ya kunywa. Juu maji hayapandi. Alijaribu kusogeza duara kwa kidole hivi na hivi, kila mahali likagongana na nyumba au na mpaka.

"Basi tutamhamisha," Mwaisha akakata shauri. "Alishahamishwa mara moja, si dhambi. Kesho nakwenda kwa shehe. Atafukuliwa kwa heshima, nitampokea mwenyewe kwa mikono yangu, maana mara ile sikuwepo. Sanda nitashona mimi."

"Hakuna haja," Kondo alisema.

"Haja ipo."

"Mwaisha." Hakuwa amemwita kwa jina hilo kwa miaka. "Hakuna haja ya kufukua. Hamna kitu pale."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Kondo haikuwa fupi. Ilikwenda miaka mingi, ilifagiwa kila Ijumaa, ilimwagiliwa maji, na ingeendelea mpaka wote wawili wafe, kama choo kisingehitaji shimo. Sasa ilikuwa imefika mwisho, na mzee alianza kulia kabla hajaieleza.

"Nilianza kuchimba kule juu," alisema. "Wallahi nilianza. Jembe likafika kwenye udongo laini, mikono ikaniishia nguvu. Nikafukia. Nikachukua jiwe, nikalileta huku, nikatifua udongo. Nilitaka ukirudi upate pa kukaa."

"Na Halidi alipojenga?"

"Nilikuwa nimesimama uzioni. Msingi wa jiko lake ulipita palepale. Niliwatazama mafundi wakichimba. Sikusema neno."

Mwaisha hakupiga kelele safari hii. Kelele alizimaliza mwaka ule. Alimwonea mumewe huruma na kumchukia kwa pamoja, na hakujua kipi kimezidi. Ijumaa zote zile alikuwa akizungumza na udongo mtupu, na mtoto wake yuko chini ya jiko la watu, hakuna hata anayejua yupo.

Baadaye akavuta ile karatasi ya kiwanja.

"Kutoka uzioni, ni mita ngapi?"

Kondo akajifuta uso kwa kofia. "Nne. Mkabala na mwembe."

Mwaisha akaomba aonyeshwe mwembe ulipo kwenye ramani. Akaweka futi kwenye mstari wa mpaka wa juu, akaipeleka nje, upande ambao Hetal hakuchora kitu, kwa sababu msanifu hachori kiwanja cha mtu mwingine. Mita nne, moja kwa mia mbili. Sentimita mbili. Hakukosea. Akatia nukta kwenye weupe wa karatasi.

Akamwonyesha Hetal lile duara la chini. "Shimo libaki hapo hapo. Waambie mafundi waanze."

Kisha akavuta karatasi ya kwanza, akaweka kidole kwenye ukuta wa nyuma wa chumba chake cha kulala, ule unaotazama juu.

"Hapa nitilie dirisha."

"Mama," Hetal alisema kwa sauti ya chini, "ukuta huo unatazama jiko la Halidi. Hutapata upepo wala mwanga. Utaona tofali tupu."

"Najua nitakachoona. Nitilie."

Hetal akachukua penseli, akafuta kipande kidogo cha ukuta, akachora ile mistari myembamba. Akauliza dirisha liwe na upana gani. Mwaisha akamwambia liwe kubwa kadiri ukuta unavyoruhusu.